Kivuli cha mlingoti Nairobi, na usiku wa siku 65 Alaska

Simama kando ya mlingoti wa bendera hapa Nairobi mwezi Juni, yapata saa sita na nusu mchana, na utakuta kivuli chake kimelala upande wa kusini. Rudi Desemba saa ile ile, utakikuta upande wa kaskazini. Kinachogeuza kivuli hicho ndicho kinachowanyima watu wa kaskazini ya mbali jua kwa miezi.

Mhimili wa dunia umeinama kwa nyuzi 23.4, na hauachi kuelekea upande ule ule dunia inapolizunguka jua. Kwa hiyo Juni ncha ya kaskazini huwa imeliinamia jua, na Desemba huwa imelipa kisogo. Wanafunzi wanaotembelea idara yetu ya fizikia mara nyingi hudhani ni suala la umbali. Sivyo. Dunia hulikaribia jua zaidi mapema Januari, wakati ambapo kaskazini kabisa ni giza.

Sisi tuko karibu na ikweta, kwa hiyo hata jua likihama, adhuhuri bado huwa juu sana. Sasa chukua mji wa Utqiagvik, Alaska, ulio latitudo 71.3 kaskazini. Toa 71.3 katika 90, unabaki na 18.7. Hicho ndicho kimo cha jua adhuhuri mwezi Machi na Septemba, linapokuwa juu ya ikweta. Desemba jua huwa limehamia nyuzi 23.4 kusini, kwa hiyo toa tena. Jibu linashuka chini ya sifuri kwa nyuzi 4.7. Maana yake, adhuhuri yenyewe jua liko chini ya upeo wa macho. Juni hesabu hugeuka, na usiku wa manane jua huwa nyuzi 4.7 juu ya upeo.

Huko jua huzama karibu tarehe 18 Novemba na kuchomoza tena karibu 23 Januari, siku 65 hivi. Lakini msidhani ni giza totoro muda wote. Adhuhuri ya Desemba hufanana na Nairobi robo saa kabla ya jua kuchomoza: unaweza kumtambua mtu njiani. Giza nene liko Longyearbyen, katika visiwa vya Svalbard vya Norway, ambako adhuhuri hiyo jua huwa nyuzi 11.6 chini.

Jambo linalonivutia mimi zaidi ni kwamba mchana mrefu wa Utqiagvik huzidi siku 80, wakati usiku wake ni 65. Sababu kubwa ni hewa. Mwanga unaopita karibu na upeo wa macho hupindwa na hewa, na jua huonekana limeinuka kwa zaidi ya nusu nyuzi. Tena, jua huhesabiwa limechomoza mara tu ukingo wake wa juu unapotokeza. Hapa Nairobi mambo hayo mawili huurefusha mchana kwa takriban dakika 7. Kule, ambako jua huupanda upeo kwa mshazari mkubwa, huongeza siku kadhaa.