Majina Katika Picha za Zamani za Familia: Sababu za Fomu Nyingi Kurudishwa

Tangu ofisi yetu ya hifadhi ya nyaraka ianze kupokea nakala za picha za familia pamoja na majina ya waliomo, malalamiko yamekuwa yakiongezeka kutoka kwa watu ambao fomu zao za utambuzi zimerudishwa. Wengi wanaona kuwa tumewakatalia ndugu zao wenyewe. Hatuna shaka na nia njema ya walalamikaji. Hata hivyo, jina likishaingizwa katika rejista yetu hunakiliwa na wengine, huwekwa katika miti ya ukoo, na baada ya miaka 20 hakuna akumbukaye kwamba mwanzoni lilikuwa makisio tu. Kwa hiyo tunaeleza hapa namna tunavyopima jina, tukitumia picha moja ambayo fomu yake ilirudishwa mara mbili kabla ya kukubaliwa. Majina ya wahusika hayatatajwa.

Picha hiyo ilipigwa studio na ina watu wanne. Mwanamke mzee ameketi kwenye kiti, mguu wake wa kulia ameunyoosha mbele. Nyuma yake wamesimama mwanamume aliyevaa koti na binti aliyevaa gauni lenye kiuno kilichobana na sketi pana iliyopita magoti. Mbele, upande wa kulia wa anayetazama picha, amesimama mtoto wa kiume anayecheka, na meno yake mawili ya mbele ya juu hayapo. Familia iliandika kwamba mwanamke aliyeketi ni bibi mzaa mama, na ndugu watano walitia saini kuthibitisha. Bibi huyo, kwa mujibu wa fomu hiyo hiyo, alifariki mwaka 1944.

Tulianza na mavazi, na hapa ndipo wananchi wengi hukosea kwa namna ile ile. Hutazama nguo ya mtu wanayemtafuta, ilhali wanapaswa kutazama nguo mpya kuliko zote katika picha nzima. Mzee huendelea kuvaa mtindo wa ujana wake, na mtoto huvaa nguo aliyorithi kwa kaka yake. Mwanamke kijana ndiye mara nyingi huwa karibu zaidi na mtindo wa wakati wake. Nguo ya zamani inaweza kuvaliwa wakati wowote baadaye, lakini haiwezekani kuvaa nguo ambayo bado haijabuniwa. Gauni refu la mwanamke aliyeketi lingeweza kuwa la miaka ya 1930, na ndilo lililoishawishi familia. Gauni la binti lilikuwa la mtindo ulioenea baada ya Christian Dior kuonyesha mavazi yake ya kwanza mjini Paris mwezi Februari 1947, na mtindo wa namna hiyo huchukua miaka kadhaa kufika kwa mafundi cherehani wa kawaida. Koti la mwanamume hatukulitegemea kabisa, kwa kuwa mikono yake ilimfika kwenye vidole, jambo linaloashiria koti la kuazima. Studio nyingi ziliweka koti, tai na hata saa kwa ajili ya wateja, na koti lile lile huweza kuonekana kwa wanaume wasiofahamiana.

Familia ilijibu kwamba gauni si ushahidi wa kutosha, na katika hilo walikuwa sahihi. Tukaichunguza karatasi yenyewe chini ya taa ya urujuanimno katika chumba chenye giza, nayo iling'aa kwa rangi ya buluu iliyopauka. Mng'ao huo hutokana na kemikali za kung'arisha weupe ambazo viwanda vya karatasi za picha vilianza kuziweka mwanzoni mwa miaka ya 1950. Karatasi inayong'aa hivyo haikutengenezwa kabla ya hapo. Kinyume chake hakithibitishi chochote: karatasi isiyong'aa inaweza kuwa ya miaka ya baadaye, kwa sababu si zote zilizotiwa kemikali hizo. Tunaomba sana watu waache kutuletea picha wakisema ni ya kale kwa kuwa imegeuka kahawia. Rangi ya kahawia inaweza kuwa matokeo ya kusafishwa vibaya au ya kutundikwa ukutani, na tumelieleza jambo hili mara nyingi kuliko tunavyoweza kuhesabu.

Mng'ao, hata hivyo, hutoa umri wa karatasi, hautoi umri wa tukio. Picha ya mwaka 1935 inaweza kupigwa tena picha mwaka 1960 ili kila mtoto apate nakala yake. Nakala ya namna hiyo hujitambulisha kwa dalili chache zinazoonekana kwa kioo cha kukuzia: nyuso hupoteza ukali wake, ukingo wa picha ya awali wakati mwingine huonekana ndani ya picha mpya, na mikwaruzo au mikunjo huonekana kwa macho lakini haihisiki kwa kidole, kwa sababu imechapwa pamoja na picha. Katika picha hii nyuzi za kitambaa cha gauni zilihesabika, na mkunjo pekee uliokuwapo ulihisika. Tulihitimisha kwamba haikuwa nakala ya picha nyingine.

Baada ya hapo tuligeukia nyuma ya watu. Mchoro wa pazia la studio, ambao hapa ulikuwa wa ngazi na nguzo, peke yake hausaidii, kwa kuwa michoro ya aina hiyo ilifanana kila mahali. Kinachosaidia ni kasoro: doa, mshono, mpasuko, kigae cha sakafu kilichovunjika kona. Kasoro huongezeka kadiri miaka inavyopita, na zikipangwa kwa mfuatano huwa kama kalenda ya studio hiyo. Karibu na nguzo ya kushoto palikuwa na mpasuko mfupi. Familia iliombwa ilete picha zote zilizopigwa mbele ya pazia hilo, ikaleta tatu, na moja kati yake ilikuwa ya harusi yenye tarehe ya Machi 1958 iliyoandikwa nyuma na bwana harusi mwenyewe. Katika picha hiyo ya harusi, mpasuko umezibwa kwa kiraka. Picha yetu, basi, ilitangulia Machi 1958, na kwa karatasi yake haikutangulia mwanzo wa miaka ya 1950.

Muda ukishabanwa namna hiyo, watu huanza kujichuja wenyewe. Meno ya mbele ya juu ya utotoni hung'oka kwa kawaida mtoto akiwa na miaka 6 hadi 8. Familia ilikuwa na wavulana wawili waliofanana, mmoja aliyezaliwa mwaka 1950 na mwingine mwaka 1954, na fomu ilimtaja mdogo. Mdogo angefikia umri wa kupoteza meno hayo karibu mwaka 1960, wakati pazia lilikuwa tayari lina kiraka. Aliyesimama pale ni kaka mkubwa, na picha ilipigwa kati ya mwaka 1956 na mwanzo wa 1958. Bibi alikuwa amekwisha kufariki zaidi ya miaka 10.

Ndipo tunapofika kwa wazee, na tunawaomba wasomaji wazingatie kwamba tumefika kwao baada ya kazi hiyo yote. Saini tano zilizokuwa katika fomu zilipatikana kwa siku moja, katika kikao kimoja, picha ikipitishwa kutoka mkono hadi mkono huku kila mtu akimsikia aliyetangulia. Kwetu hiyo ni kauli moja iliyorudiwa mara nne. Kauli yenyewe ilianzia kwa mjukuu mkubwa, mzee anayeheshimika sana, ambaye alizaliwa mwaka 1941. Alipokuwa na miaka mitatu bibi yake alifariki. Hakusema uongo, alilelewa akiambiwa kwamba yule kwenye kiti ni bibi, na aliyoambiwa utotoni yalikaa katika kumbukumbu yake kama aliyoyaona. Kwa sababu hiyo fomu yetu inauliza swali ambalo wengi huliacha wazi wakidhani ni la urasimu: je, mtoa taarifa alimwona mtu huyu kwa macho yake, na akiwa na umri gani?

Tuliomba kuonana na ndugu mmoja wa kike aliyekuwa na miaka 16 mwaka 1957. Alihojiwa peke yake, na picha ilibaki ndani ya bahasha. Hatukutaja jina lolote, kwa maana swali la "huyu si bibi?" humtaka mzee akubali au ampinge aliyeuliza, na wazee wengi huchagua kutompinga mgeni. Tulimwomba atueleze wanawake wazee waliokuwa wakija nyumbani katika miaka hiyo. Alimtaja mdogo wake bibi, aliyeishi hadi mwaka 1963, akaeleza bila kuulizwa kwamba goti lake la kulia lilikuwa halikunjiki, na kwamba alipoketi watoto walikatazwa kupita mbele yake. Picha ilipotolewa, tuliichanganya na nyingine tano za wanawake wa umri huo. Aliigusa ile yenye mguu ulionyooshwa.

Ushahidi wa goti una uzito kuliko ushahidi wa uso, kwa sababu ndugu hufanana sura, na kwa sababu alilieleza kabla hajaona chochote. Ndiyo sababu tunashauri mzee aulizwe kwanza kuhusu nyumba, viatu, nani alishona nguo na nani aliazima nini, na majina yafuate mwishoni. Mazungumzo yasizidi saa moja, yarekodiwe kwa ridhaa yake, na maneno yake yaandikwe kama alivyoyasema.

Kuhusu utaratibu, kila mtu katika picha hujaziwa mstari wake, kwa kuanzia kushoto kwa anayetazama, safu ya nyuma kwanza. Fomu zinazosema "wa kushoto" bila kueleza ni kushoto kwa nani zitarudishwa, na zitaendelea kurudishwa. Kila jina huambatana na chanzo chake na mojawapo ya madaraja matatu: limethibitishwa, huenda, au halijulikani. Fomu ikirudishwa mara tatu bila marekebisho, picha huingizwa bila majina. Atakayebainika kuweka jina la uongo kwa makusudi, taarifa zake zote hufutwa. Majina ya watu walio hai hayaonyeshwi kwa umma bila ridhaa yao ya maandishi.

Tafadhali msiandike mbele ya picha, wala msitumie kalamu ya wino nyuma yake. Penseli laini, kwenye ukingo, picha ikiwa imelala juu ya meza ngumu na safi, inatosha. Picha za karatasi yenye utando wa plastiki, zilizoenea kuanzia miaka ya 1970, hazishiki penseli, hivyo jina liandikwe kwenye bahasha ya karatasi kabla picha haijatiwa ndani. Jina la zamani lililokosewa lisifutwe. Katika picha tuliyoieleza, neno "Bibi" limebaki nyuma kama lilivyoandikwa, na rejista inaeleza nani aliliandika na kwa nini halikukubaliwa.

Mwanamume amethibitishwa na mwanawe kwa picha nyingine ya mwaka 1959. Binti mwenye gauni bado. Dada wawili waliopishana mwaka mmoja wanafaa kwa umri, wote wamekwisha kufariki, na ndugu yule wa kike alisema waziwazi kwamba gauni hilo walilivaa kwa zamu. Mstari wake umejazwa "huenda", majina yote mawili yameandikwa, na fomu haijafungwa.