Mlango Ufunguke, Mtu Apite: Kupanga Fanicha Kwenye Modeli ya Chumba

Mteja mmoja wa Goba alinitumia faili la chumba chake cha kulala alilolichora mwenyewe kwenye programu ya Sweet Home 3D. Kitanda cha sita kwa sita, kabati la nguo la milango minne, dresingi tebo, vimeza viwili vya kando ya kitanda. Kwa picha ya pande tatu kilikuwa chumba cha kupendeza. Chini ya picha aliandika, "Dada, niambie tu kama ni sawa, kesho naenda Keko kulipa advansi." Nikampigia simu nikamwomba asiende kwanza kwa mafundi wa fanicha wa Keko.

Programu hizi hazikuzuii kuweka kitu popote. Ukikalisha kabati juu ya njia ya mlango, litakaa, wala hutaona onyo lolote. Hata yule mtembezi wa kwenye skrini unayemwongoza kwa mishale hupita ndani ya kitanda kana kwamba ni moshi. Kwa hiyo picha kuwa nzuri si ushahidi kwamba chumba kinatumika. Ushahidi unautafuta wewe, kwenye mchoro wa juu, kwa vipimo.

Nilianza na vipimo vyenyewe. Ramani ya nyumba ilisema chumba ni mita 3 kwa 3.6, naye akachora hivyo hivyo. Lakini ramani hiyo ilipima kutoka tofali hadi tofali. Ukuta ukishapigwa plasta ya sentimita 2 kila upande, chumba kinabaki sentimita 296 kwa 356. Sentimita 4 zinaonekana kidogo hadi utakapozihitaji. Ndiyo maana napima kwa tepu chumba kikiwa kimemalizika, sehemu tatu kila upande, kisha naingiza kile kipimo kidogo kuliko vyote.

Kosa la pili ni lile ninalokutana nalo karibu kila wiki. Sita kwa sita ni saizi ya godoro, yaani kama sentimita 183 kila upande. Kitanda chenyewe, pamoja na mbao za pembeni na kichwa, ni kikubwa zaidi. Kile alichokichagua kilikuwa na upana wa 193 na urefu wa 200, na alivipata kwa kumpigia fundi simu. Kwenye modeli alikuwa ameweka godoro tupu.

Tulipoingiza vipimo vya kweli, chumba kilibadilika mbele ya macho yetu. Kichwa cha kitanda kiko ukuta wa kaskazini, katikati. Kabati, lenye upana wa 180 na kina cha 60, liko ukuta wa kusini, limejibana kona ya mashariki. Kwenye modeli yake nafasi kati ya miguu ya kitanda na kabati ilikuwa sentimita 117; sasa ikawa 96. Pembeni mwa kitanda alikuwa na 58 kila upande. Sasa zikabaki 51.

Kabla ya kusema 51 inatosha au haitoshi, tuangalie mlango.

Mlango wa chumba hiki uko ukuta wa kusini, karibu na kona ya magharibi. Mlango wenyewe, ukiacha fremu, una upana wa sentimita 80, na kwenye mchoro unaonekana kama mstari wenye robo duara. Tao hilo ndilo eneo ambalo mlango unalifagia unapofunguka, na hakuna kitu kinachoruhusiwa kuingia humo. Kwa macho ni rahisi kukosea pale kona ya fanicha inapokaribia tao, basi mimi napiga hesabu. Unachukua umbali kutoka bawaba hadi sehemu ya fanicha iliyo karibu zaidi, iwe kona au ukingo:

```
umbali = sqrt((xk - xb)^2 + (yk - yb)^2)
```

`xb` na `yb` ni mahali pa bawaba, `xk` na `yk` ni sehemu hiyo ya fanicha. Umbali ukizidi upana wa mlango, mlango unapita. Mimi huongeza sentimita 5 za usalama, maana sakafu na fremu za kwetu hazikai kwenye mstari kama za kwenye skrini.

Nilianza kuhesabu kutoka kona ya kusini-magharibi. Kwenye modeli yake bawaba ziko upande wa magharibi, sentimita 15 kutoka kona. Dresingi tebo ilikuwa imeegemea ukuta wa magharibi, ikianzia sentimita 85 kutoka ukuta wa kusini, kina chake 40. Sehemu yake iliyo karibu zaidi ni ukingo ulio mbele ya bawaba moja kwa moja, 0 upande mmoja na 85 upande wa pili, na hesabu inatoa sentimita 85. Mlango wa 80 unapita.

Kisha nikamwomba asimame mlangoni kwake, aniambie bawaba ziko upande gani hasa. Akanyamaza kidogo. "Ziko upande wa kabati, dada."

Programu ikikuwekea mlango haijui fundi wako aliufungaje. Kwenye Sweet Home 3D unafungua dirisha la kurekebisha mlango na kuweka tiki kwenye `Mirrored shape`, na bawaba zinahamia upande wa pili. Tulipoweka tiki, bawaba zikawa sentimita 95 kutoka ukuta wa magharibi, na kabati linaanzia 116. Mlango ukifunguka nyuzi 90 hauna shida. Lakini mlango hausimami kwenye 90 kwa sababu tao la mchoro limeishia hapo. Unaendelea mpaka ukute kitu. Kona ya mbele ya kabati iko sentimita 21 pembeni ya bawaba na 60 ndani ya chumba, yaani umbali wa 63 na nusu, ambao ni mdogo kuliko 80. Kila mtu atakayeusukuma mlango kwa nguvu ataupiga kwenye kona ile, kwenye nyuzi 109 hivi. Na ukiwa umefika hapo, mlango wa kwanza wa kabati haufunguki hadi mwisho, kwa kuwa mlango wa chumba umesimama mbele yake.

Nikauliza swali moja zaidi: swichi ya taa iko wapi? Ilikuwa kwenye ukuta wa kusini, katikati ya fremu na mahali pa kabati. Hapo ndipo nilipofurahi, kwa sababu jibu la chumba kizima lilikuwa kwenye ile swichi. Swichi huwekwa upande wa kitasa, ili anayeingia gizani aifikie bila kuzunguka mlango. Fundi umeme alifuata ramani, yenye bawaba upande wa magharibi. Aliyefunga mlango aligeuza. Tangu wahamie, familia hii ilikuwa ikiingia chumbani, ikifunga mlango kwanza, kisha ndiyo inawasha taa, na walidhani ndivyo nyumba ilivyo.

Kuhamisha bawaba si kazi ya bure. Fundi anaziba matundu ya zamani kwenye fremu, anachonga mapya na kuhamisha kitasa, na ukingo wa ndani ya fremu ukiwa umechongwa kwa upande mmoja tu, unaangaliwa nao. Hata hivyo ni nafuu kuliko kabati jipya lililochubuka kila kona. Kama isingewezekana, ningeweka kizuizi cha sakafuni kinachosimamisha mlango karibu na nyuzi 95, na swichi ingebaki nyuma ya mlango kama ilivyokuwa.

Sasa njia ya kupita. Kwa hili natumia kisanduku. Kwenye katalogi ya programu kuna kitu kinaitwa `Box`. Nakipa upana wa 60, kina cha 60 na urefu wa 170, nakipaka rangi nyekundu, na huyo ndiye mtu wangu. Mabega ya mtu mzima ni kama sentimita 45 hadi 50, halafu mikono inacheza anapotembea, ndiyo maana sishuki chini ya 60 pembeni mwa kitanda. Kwenye njia kuu, ile ya kubebea kapu la nguo au mtoto aliyelala, natafuta 75 na kuendelea. Namsogeza yule mwekundu kutoka mlangoni hadi kila mahali mtu anapokwenda: upande wake wa kitanda, upande wa mwenzake, dirishani, kabatini. Akigusana na kitu, njia haipo.

Mwekundu alikwama mara moja. Dresingi tebo iliishia sentimita 175 kutoka ukuta wa kusini, na miguu ya kitanda, kwa vipimo vya kweli, iko 156. Mahali vinapopishana, nafasi kati yake ni sentimita 11 na nusu. Mwenye kulala upande wa dirisha angelazimika kupanda juu ya kitanda. Kwenye picha ya pande tatu hili halikuonekana, kwa sababu kamera ilitazama kutoka juu ya mlango na kona ya dresingi tebo ikafunika pengo lote.

Kabati nalo lazima lipimwe likiwa wazi. Milango yake ina upana wa 45 kila mmoja. Kwenye 96 tulizonazo, mlango ukifunguliwa zinabaki 51, zinazomtosha anayechagua nguo, lakini hakuna wa pili atakayepita nyuma yake bila kujipinda. Ili nisisahau, nachora vibao vyembamba vya 45 mbele ya kabati na kuviacha humo wakati wote wa kupanga. Droo nazo nazichora zikiwa zimevutwa.

Nilimpa mteja machaguo mawili. Abaki na sita kwa sita, akubali 51 kila upande. Au achukue tano kwa sita, ambacho kwa fundi wake kina upana wa nje wa 162, apate 67 kila upande. Nilimwambia wazi kwamba mimi ningechukua tano kwa sita. Alisita, kwani mkewe alikipenda kile kikubwa. Nikamwomba achukue utepe wa karatasi wenye gundi, abandike sakafuni mistari ya vitanda vyote viwili, kisha wapite pembeni mwake usiku wakiwa na taa imezimwa. Asubuhi alinitumia ujumbe: tano kwa sita.

Dresingi tebo haikuingia kwa namna yoyote. Hata tulipoipunguza hadi upana wa 70, pengo kati yake na kona ya kitanda lilikuwa 27. Kioo kikahamia kwenye mlango wa kabati, na kimeza cha upande wa mama wa nyumba kikapanuliwa hadi 60 na kuwekewa droo tatu za vipodozi.

Jambo moja lilibaki ambalo chumba hiki hakikulihitaji, ila najua wengine wanalihitaji. Mlango wa 80 haukupi uwazi wa 80. Ukifunguka nyuzi 90, unene wake wa sentimita 4 hivi unabaki ndani ya nafasi ya kupita, hivyo unapata kama 76. Kama nyumbani kuna anayetumia kiti cha magurudumu, pima upana wa kiti pamoja na mikono inayosukuma magurudumu, kisha upime uwazi huo mlango ukiwa wazi, kabla hujaagiza fremu.

Fundi alihamisha bawaba Jumamosi. Mteja alikwenda Keko Jumatatu, akiwa na karatasi yenye vipimo vya nje vya kila kitu.