Je, wajua? Namba ya pikseli si kipimo cha mwanga

"Usiku nikiwa ufukweni Dunga, hapa Kisumu, napiga picha ya taa za wavuvi wa omena. Kwenye kompyuta zinang'aa vizuri, lakini nikiipunguza picha ili niitume, nyingi zinafifia kama vumbi. Mbona?"

Kosa liko kwenye hesabu. Ili kupunguza picha, programu hukusanya pikseli kadhaa, hutafuta wastani wao, na kuweka pikseli moja mahali pao. Wastani huo ungekuwa sahihi kama namba za pikseli zingekuwa kipimo cha mwanga, lakini sivyo zilivyo.

Picha nyingi za simu na kamera huhifadhiwa kwa kipimo kinachoitwa sRGB, ambapo 0 ni giza tupu na 255 ni mwanga kamili. Ungetarajia 128 itoe nusu ya mwanga. Inatoa takriban asilimia 22 tu. Nusu halisi iko kwenye 188. Namba zilipangwa hivi kwa sababu ya macho yetu: ukiwasha kibiriti usiku chumba chote kinabadilika, lakini ukikiwasha saa sita mchana juani hakuna anayegeuka. Kwa kuwa ngazi ni 256 tu, nyingi zilirundikwa upande wa giza, ambako jicho linazihitaji. Mpangilio huo unafaa sana kwa kuhifadhi picha. Kwa kutafuta wastani, haufai.

Sasa turudi ziwani. Tuseme taa moja iliyo mbali imechukua pikseli moja tu yenye 255, na maji yanayoizunguka ni 0. Ukipunguza picha hadi robo ya upana na robo ya urefu, kila pikseli 16 zinakuwa moja. Programu inagawanya 255 kwa 16 na kupata 16, namba ambayo kwenye skrini hutoa karibu nusu ya asilimia moja ya mwanga. Lakini mwanga halisi wa taa ile ukitandazwa kwenye pikseli 16 ni zaidi kidogo ya asilimia 6, ambayo katika sRGB huandikwa 71. Taa imepoteza mwanga wake mara kumi na mbili! Ndiyo maana karabai zilizo karibu, zenye pikseli nyingi, zinabaki, huku zile za mbali zikimezwa na ziwa.

Ugonjwa huohuo huathiri rangi. Mashua nyekundu yenye mkanda wa kijani, mahali rangi hizo mbili zinapokutana, hupata wastani wa 128 nyekundu na 128 kijani, na hapo unajitokeza mstari mweusimweusi ambao fundi rangi hakuuchora. Kwa hesabu sahihi zingekuwa 188 na 188, na mpaka ungekuwa wa manjano yenye mwanga wa kutosha.

Dawa ni kugeuza namba ziwe mwanga halisi kwanza, kupunguza picha, kisha kuzirudisha kwenye sRGB. Kwa ImageMagick, amri ni hii:

```
magick ziwa.jpg -colorspace RGB -resize 25% -colorspace sRGB ziwa-ndogo.jpg
```

Neno `RGB` la kwanza ndilo linaloingiza mwanga halisi. Katikati ya kazi programu iwe inahesabu kwa biti 16. Kwa biti 8 ngazi za giza huwa chache mno, na anga la usiku hutoka na michirizi.

Kama unatumia programu nyingine, ipime. Tengeneza picha ya mistari myeusi na myeupe inayopishana, kila mmoja pikseli moja, kisha ipunguze iwe nusu. Gusa kijivu kilichotokea kwa kifaa cha kusoma rangi. Ikiwa ni karibu 188, programu inahesabu mwanga. Ikiwa ni 127 au 128, inahesabu namba.

Usitegemee njia hii irudishe kila kitu. Taa iliyokuwa kali kupita uwezo wa kamera ilikwisha kukatwa kwenye 255 siku ya kupiga picha. Tena, mimi siitumii kwa kukuza picha, kwa sababu vichujio vikali vya kukokotoa pikseli mpya, kama Lanczos, huacha duara jeusi kuzunguka taa, na katika mwanga halisi duara hilo huonekana zaidi.

Maandishi nayo yana shida yake. Ukipiga picha ukurasa wa daftari la mizani ya samaki, wino mweusi kwenye karatasi nyeupe, kisha uupunguze kwa mwanga halisi, weupe hula kingo za herufi na mistari myembamba hupauka. Hapo mimi huacha wastani wa kawaida ufanye kazi, maana nataka tarakimu zisomeke.