Mshahara, gawio na droo ya duka: mahali ndugu wanapokosania

Ugomvi mwingi katika biashara za familia huanzia kwenye droo ya mauzo, pale fedha inapotoka bila jina. Kaka anachukua laki mbili za ada ya mtoto. Je, huo ni mshahara wake wa umeneja, ni sehemu yake ya faida, au ni mkopo? Kwa kuwa hakuna aliyesema, kila mmoja anajaza jibu lake moyoni, na majibu hayo hayafanani.

Tuchukue mfano wa kampuni ndogo ya Tanzania yenye duka la vifaa vya ujenzi. Mama ana asilimia 40 ya hisa, kaka mkubwa 30, dada 15 na mdogo wao wa kiume 15. Kaka ndiye meneja. Mdogo anatunza stoo. Dada ni muuguzi mkoa mwingine na hafanyi kazi dukani. Kaka hujichukulia shilingi 900,000 kwa mwezi, mdogo hupewa 250,000 "za kujikimu", dada hutumiwa zawadi sikukuu zikifika. Dada anaona kaka anakula urithi wa wote. Kaka anaona anawabebea mzigo watu wasiofungua hata mlango wa duka. Mdogo anajiona kibarua kwenye mali yake mwenyewe. Wote watatu wana hoja, maana kila mmoja anaongea kutoka kwenye nafasi tofauti: mwenye hisa, bosi, mfanyakazi.

Dawa ni kuzitenganisha fedha hizo, na mshahara ndio unaotangulia. Kipimo chake ni swali moja: mtu baki angelipwa kiasi gani kwa kazi hii, hapa mjini? Tuseme meneja 700,000 na mtunza stoo 400,000. Kwa mwaka ni milioni 8.4 na milioni 4.8, jumla milioni 13.2. Ikiwa duka limebakiwa na milioni 43.2 kabla ya kuwalipa ndugu hawa, faida ni milioni 30 (michango ya hifadhi ya jamii tumeiacha nje ili hesabu isomeke kwa urahisi). Kodi ya kampuni ya asilimia 30 inachukua milioni 9, zinabaki 21. Wanahisa wanakubaliana milioni 11 ziongeze mzigo dukani na milioni 10 zigawanywe kwa hisa: mama milioni 4, kaka 3, dada 1.5, mdogo 1.5, kila fungu likikatwa kodi ya zuio ya asilimia 10.

Tazama kaka. Alikuwa akichukua milioni 10.8 kwa mwaka. Sasa mshahara na gawio lake baada ya zuio ni milioni 11.1, kabla ya kodi ya mshahara. Mfuko wake haukubadilika sana. Kilichobadilika ni kwamba dada anaweza kuiona hesabu, naye ana milioni 1.35 ambazo si zawadi ya mtu.

Mpango huu huvunjika mapema kwa sababu ndogo ndogo. Namba ya kupokelea malipo kwa simu imesajiliwa kwa jina la meneja, hivyo mauzo yanachanganyika na fedha zake binafsi. Isajiliwe kwa jina la kampuni. Saruji inatoka stoo kwenda kujenga nyumba ya mama kwa ahadi ya "nitaandika kesho". Mzigo wa namna hiyo uandikiwe risiti siku hiyo hiyo, kwa bei ya kununulia, na ukatwe kwenye gawio la aliyeuchukua.

Jaribio gumu zaidi ni kosa la kazi. Stoo imepungukiwa mifuko 12 ya saruji, kaka anamkaripia mdogo mbele ya wateja, mdogo anajibu, "Na mimi ni mwenye duka," kisha mama anapiga simu kumtetea. Hapo meneja amepoteza mamlaka, na wafanyakazi wengine wamejifunza kumkimbilia mama badala ya kumsikiliza meneja. Mama aseme neno lake kwenye kikao cha wanahisa chenye muhtasari ulioandikwa. Kaunta ni ya meneja. Naye meneja akitaka kumwachisha mdogo kazi, anahitaji sababu halali na kumsikiliza kwanza, kama kwa mfanyakazi yeyote chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Undugu haumwondolei haki ya kulalamika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30 tangu kuachishwa. Na hata akiondoka stoo, asilimia 15 zake zinabaki, na gawio lake linaendelea.

Haya yote yanategemea hisa ziwe zimeandikwa BRELA, wakala wa serikali wa kusajili kampuni. Kama duka bado ni jina la biashara la baba peke yake, watoto hawana hisa za kugawia faida, hata kama wamefanya kazi humo miaka 20. Akifariki, mali ya duka inaingia kwenye mirathi. Familia ya namna hiyo ianze kwa kusajili kampuni na kugawa hisa baba akiwa hai, aseme mwenyewe nani apewe ngapi na kwa nini.