Rubriki ya muziki: kuchezea na kutunga vihesabiwe kila kimoja peke yake

Rubriki ni jedwali linalotaja mwalimu anasikiliza nini, kila kitu kina pointi ngapi, na kila ngazi ya pointi inasikika vipi. Mkazo uko kwenye neno "inasikika". Jedwali lililoandikwa "vizuri sana, vizuri, wastani" halijasema kitu bado, maana kila mwalimu ana "vizuri" yake.

Tuchukue mwanafunzi wa sekondari hapa Lubumbashi. Ametunga kipande cha gitaa kwa mtindo wa zamani wa Katanga, ule wa kina Mwenda Jean Bosco: kidole gumba kinashika besi, cha shahada kinaimbisha nyuzi za juu. Anapokicheza mbele ya darasa, anakwama mara mbili na kuanza tena. Mwalimu asiye na rubriki humpa 10 kwa 20, na kule kukwama kunakuwa kumeangusha hata utunzi wake, ambao haukuhusika na kukwama huko.

Sasa tugawe. Kuchezea pointi 10: mapigo 4, usahihi wa noti 3, sauti 3. Kutunga pointi 10: wazo kuu 3, ukuzaji wa wazo hilo 4, umbo 3. Kukwama kunagusa mapigo tu, basi anapata 2 kati ya 4. Noti ni 3. Kwenye sauti kuna mkwaruzo, na hapo mwalimu achukue gitaa lilelile, abonyeze mahali palepale. Mkwaruzo ukiendelea, kosa ni la nyuzi kuukuu, mtoto asikatwe pointi. Kwa huyu, mkwaruzo ulikuwa wa kidole, akapata 2. Kuchezea: 7.

Safu ya ukuzaji ndiyo inayodhulumu wengi. Ikiandikwa "anatumia kodi nyingi za gitaa, anabadilisha ufunguo", muziki wetu umeshindwa kabla haujaanza, maana sebene hujengwa juu ya kodi chache zinazozunguka, na utamu wake uko katika mabadiliko madogo. Mimi ningeandika hivi:

1: kirai cha muziki kinarudi vilevile hadi mwisho.
2: kinabadilika mara moja.
3: kinabadilika mara kadhaa, na bado tunakitambua.
4: mabadiliko yanafuatana kwa mpango, yakiupeleka wimbo kwenye kilele.

Mtunzi wetu aligeuza besi mara moja, baadaye akaongeza noti za juu, lakini kilele hakikufika: 3. Wazo 3, umbo 2. Kutunga 8, jumla 15 kwa 20.

Kama darasa halijafundishwa kuandika noti, rekodi ya simu itoshe kuwa utunzi uliokabidhiwa. Rekodi hiyohiyo inapima rubriki yenyewe: walimu wawili waisikilize kila mmoja peke yake, halafu walinganishe safu kwa safu. Wakitofautiana pointi 2 kwenye ukuzaji, wasigawane katikati. Wasome tena sentensi za ngazi zile mbili, waulizane kila mmoja alisikia nini, kisha waiandike upya ile iliyosomeka kwa maana mbili.