Kabla ya kumwomba daktari wa ng'ambo muda wa kuzungumza: andika nafasi mbili, si "muda wowote"

Tarehe 25 Oktoba 2026 Uingereza itarudisha saa zake nyuma kwa saa moja. Wiki moja baadaye, tarehe 1 Novemba, sehemu kubwa ya Kanada na ya Marekani zitafanya vivyo hivyo. Sisi hatusogezi saa, na hapo ndipo malalamiko yanapoanzia. Kila mwaka katika majuma haya, kitengo chetu cha ushauri wa kitabibu kwa njia ya video hupokea familia zinazosema daktari wa nje "hakutokea". Tukifungua kumbukumbu za mkutano tunakuta mara nyingi kwamba daktari alitokea. Waliopishana ni saa.

Nieleze kisa kimoja cha mwaka jana, kwa idhini ya familia na bila kuwataja. Mama alikuwa amewekewa vali ya moyo mjini Toronto, akarudi Dar es Salaam kuendelea na dawa. Mwanawe alipaswa kuzungumza na daktari aliyempasua, pamoja na daktari wetu anayemhudumia hapa. Jumatatu ya tarehe 27 Oktoba 2025 akamwandikia daktari kwa Kiingereza kwamba wao wapo muda wowote wiki inayofuata. Daktari akajibu: Jumanne tarehe 4 Novemba, saa 09:30 ya Toronto. Kijana akafungua saa ya dunia kwenye simu yake, akaona Dar iko mbele kwa saa saba, akajumlisha na kupata 16:30. Jumanne hiyo walikaa mbele ya kompyuta kuanzia saa kumi na nusu jioni, wakasubiri dakika arobaini, wakaondoka wamekata tamaa. Saa kumi na moja na nusu daktari aliingia, akakuta chumba kitupu.

Kijana hakukosea hesabu. Siku aliyoangalia, tofauti ilikuwa saa saba kweli. Lakini Toronto ilirudisha saa nyuma Jumapili ya tarehe 2 Novemba, na kuanzia siku hiyo tofauti ikawa saa nane. Saa ya dunia kwenye simu hukuonyesha tofauti ya leo, wala haijui mkutano wako ni wa lini. Jambo hili tumelieleza kwenye karatasi ya maelekezo, tumelibandika dirishani, na bado watu huja na picha ya skrini ya saa ya dunia kama ushahidi. Picha hiyo haithibitishi kitu kuhusu wiki ijayo.

Njia ya uhakika ni kutumia kalenda ya simu. Fungua tukio jipya, weka tarehe yenyewe ya mkutano, kisha mahali pa kuchagua ukanda wa saa tafuta jina la mji wa daktari. Kwenye baadhi ya simu utaona Toronto tu, kwenye programu nyingine utaona America/Toronto. Andika saa ya daktari, hifadhi, halafu angalia tukio limekaa saa ngapi kwenye kalenda yako ya Africa/Dar_es_Salaam. Kalenda huhesabu kwa kufuata tarehe uliyoweka, kwa hiyo hata ukifanya kazi hii mwezi mmoja kabla, jibu halibadiliki. Tumia jina la mji, usitumie vifupisho vya herufi tatu. IST kwa Mhindi ni saa ya India, lakini kifupisho hicho hicho hutumika pia Israeli na Ayalandi.

Mwezi Machi kosa hugeuka upande wa pili, nalo ni baya zaidi. Saa zao zikisogezwa mbele, tofauti na Toronto hupungua kutoka nane hadi saba. Anayeshikilia hesabu ya zamani huingia saa moja baada ya daktari kuingia. Ukiwahi, unaweza kusubiri. Ukichelewa, nafasi imekwenda. Wanaoshughulika na India hawana tatizo hili, kwa kuwa India haisogezi saa: wako mbele yetu kwa saa mbili na nusu mwaka mzima. Wao hukwama kwenye hiyo nusu.

Sasa nije kwenye ujumbe wenyewe.

"Nipo muda wowote" si adabu. Najua huandikwa kwa nia njema, kwamba nani mimi hata nimpangie daktari bingwa saa. Lakini mtu huyo ana kliniki, ana siku za upasuaji, ana mtu anayemtunzia ratiba. Ukimwambia muda wowote umemwachia kazi yote: afungue ratiba yake, atafute pengo, akisie Dar ni saa ngapi, akisie kama mgonjwa atakuwa macho. Ujumbe wa namna hiyo huwekwa kando ili ujibiwe akipata nafasi.

Ukipendekeza saa moja tu, nako kuna hasara yake. Mwezi Oktoba, ujumbe unaotumwa Dar saa nne asubuhi hufika Toronto saa tisa usiku. Daktari akiingia kazini saa 09:00 yake, hapa ni saa kumi jioni. Akijibu mchana wake, sisi tumeshafunga ofisi, nawe utasoma kesho. Kila "samahani, siku hiyo siwezi" inakula siku nzima, na zikija tatu kabla ya Ijumaa wiki imekwisha. Nafasi mbili huondoa mzunguko mmoja au zaidi. Tano hazisaidii zaidi, kwa sababu zote tano inakubidi uziache wazi hadi ajibu, pamoja na daktari wa hapa na chumba chetu cha video, na kwa kawaida ifikapo siku ya tatu moja imeshachukuliwa na shughuli nyingine.

Lakini ziwe mbili zinazotofautiana. Jumanne saa 09:00 na Jumanne saa 09:30 ni nafasi moja iliyoandikwa mara mbili, maana kama Jumanne ni siku yake ya upasuaji, zote zimekufa pamoja. Chagua siku mbili tofauti na saa mbili tofauti, zote ndani ya saa zake za kazi na zako za kuwa macho. Kwa Toronto baada ya Novemba, dirisha hilo ni dogo: asubuhi yao kuanzia saa 09:00 hadi 12:00, ambayo kwetu ni saa kumi na moja jioni hadi saa mbili usiku.

Familia ile ilituma ujumbe wa pili Alhamisi tarehe 6 Novemba. Uliandikwa kwa Kiingereza; kwa Kiswahili ulisomeka hivi:

> Daktari, tunaomba dakika 30 za kuzungumza nawe kuhusu dawa ya kuzuia damu kuganda. Tunapendekeza nafasi mbili:
>
> A. Jumatano 12 Novemba 2025, saa 09:30 Toronto (17:30 Dar es Salaam)
>
> B. Ijumaa 14 Novemba 2025, saa 11:00 Toronto (19:00 Dar es Salaam)
>
> Tafadhali jibu A au B. Zote mbili tunakuwekea hadi Jumatatu 10 Novemba, saa 12:00 Toronto. Kama hakuna inayofaa, tutashukuru ukitutajia siku moja ya wiki inayofuata.

Jibu lilikuja siku iliyofuata, herufi moja: B.

Angalieni mambo yaliyomo. Saa ya daktari imetangulia, ya kwetu imefuata, ili asihesabu chochote. Muda unaohitajika umetajwa, na jambo la kuzungumzwa pia. Kuna mwisho wa kusubiri, kwa sababu bila huo mwisho hutajua lini uiachie nafasi ya pili. Akishachagua, jibu siku hiyo hiyo kwamba B imethibitishwa na A umeiachia, maana mtunza ratiba wake huenda amezishika zote mbili.

Saa ziandikwe kwa tarakimu za saa 24. Hapa naomba tuelewane vizuri, kwa sababu hili ni letu sisi wenyewe. Saa tatu asubuhi ni 09:00. Aliyezoea kuhesabu kwa Kiswahili akiandika kwa Kiingereza kwa haraka huandika tatu, na msomaji wa Toronto anaona saa tisa usiku. Tumekwishapokea barua za namna hiyo, tena kutoka kwa watu wenye elimu kubwa. Na siku nayo iambatane na tarehe. Kwa wazee wa Pwani siku huingia magharibi, hivyo usiku wa Ijumaa kwao ni usiku wa kuamkia Ijumaa, ambao kwenye kalenda ya daktari bado ni Alhamisi. Ukiandika tarehe, ubishi unakwisha.

Jina la mgonjwa na ugonjwa wake visiwe kwenye kichwa cha mwaliko, kwa kuwa kalenda za hospitali husomwa na watu wengi. Taarifa za afya ni taarifa nyeti kwa mujibu wa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Andika namba ya jalada.

Kuhusu utaratibu wetu. Fomu ya maombi hujazwa nakala mbili na kusainiwa na daktari anayemhudumia mgonjwa hapa. Ifike kitengoni siku tatu za kazi kabla ya nafasi ya kwanza, siku ya kuwasilisha haihesabiwi. Nafasi zote mbili ziandikwe kwenye kipengele cha muda. Fomu yenye nafasi moja au yenye maneno "muda wowote" hurudishwa bila kuingizwa kwenye daftari. Kiungo cha mkutano hutolewa baada ya daktari wa nje kuthibitisha nafasi moja kwa maandishi, na hutumwa kwa namba iliyo kwenye fomu tu. Anayetaka kuahirisha atoe taarifa saa 24 kabla, zikihesabiwa kwa saa ya Dar es Salaam. Mkutano ukikosekana mara ya kwanza, tunapanga upya bila malipo. Ukikosekana mara ya pili bila taarifa, ada haihamishwi, fomu mpya inahitajika, na ombi linaingia mwisho wa foleni. Tunaombwa mara kwa mara tulegeze hapa. Hatuwezi, kwa sababu aliye nyuma yenu kwenye foleni naye ana mgonjwa.

Wenye mikutano iliyokwisha kupangwa kati ya 25 Oktoba na mwisho wa Novemba mwaka huu, na Uingereza, Kanada au Marekani, fungueni kalenda leo muingize saa ya daktari pamoja na jina la mji wake. Kama saa inayotokea si ile iliyo kwenye kadi yenu, msimwandikie daktari abadilishe. Saa yake ndiyo iliyothibitishwa. Leteni kadi dirisha namba 3 tuandike saa mpya ya hapa, na dereva au ndugu atakayemleta mgonjwa aambiwe siku hiyo hiyo.