Je, wajua kwa nini Tropicana walipoteza wateja kwa kubadilisha boksi tu?

"Juisi ni ile ile, bei ile ile, jina lile lile, sasa watu waliacha kununua kwa sababu gani?"

Kwa sababu wateja wengi dukani hawasomi jina, wanatafuta picha. Na Tropicana waliitoa picha yenyewe.

Tuanze na boksi la zamani. Juisi yao ya Pure Premium huko Marekani ilikuwa kwenye boksi lenye chungwa zima mbele, limechomekwa mrija, yaani kama vile unanyonya juisi moja kwa moja kutoka kwenye tunda. Jina Tropicana limelala juu yake, herufi kubwa za kijani. Januari 2009 PepsiCo, ndio walikuwa wamiliki wakati huo, wakaleta boksi jipya lililobuniwa na kampuni ya dizaini ya Peter Arnell: chungwa na mrija hakuna, badala yake kuna glasi ya juisi, jina limesimamishwa wima pembeni kwa herufi nyembamba, na kifuniko kimefinyangwa kama nusu chungwa ili ukikizungusha ujione unakamua.

Kwa macho ya mtu wa dizaini boksi lilikuwa safi tu. Lakini hebu fikiria mama yuko supamaketi, mtoto analia kwenye toroli, mbele yake kuna friji ndefu imejaa juisi za machungwa za kampuni kibao, hapo hasimami kusoma, mkono unaenda penye chungwa lenye mrija. Siku hiyo halipo. Anachoona ni glasi ya juisi, na glasi ya juisi inaweza kuwekwa na kampuni yoyote, hata ile juisi rahisi ya supamaketi yenyewe. Kwa hiyo wengine walidhani Tropicana imeisha, wengine wakaona kama imeshuka hadhi, na wakishaanza kulinganisha ndio wanaigundua Minute Maid au Florida's Natural iko pale pale pembeni.

Kuanzia tarehe 1 Januari hadi tarehe 22 Februari mauzo yakashuka kwa asilimia 20 hivi, wakati wapinzani wanapanda. Mwisho wa Februari kampuni ikatangaza inarudisha boksi la zamani.

Hapa ndio unaona thamani ya brendi inakaa wapi hasa. Watu wanadhani iko kwenye jina au kwenye matangazo, mimi naona kwa bidhaa ya kuchukua haraka kama juisi, sehemu kubwa iko kwenye ile alama ambayo jicho linaikamata kabla akili haijaanza kuuliza maswali. Na kuipima sio ngumu sana: funika jina, acha picha na rangi, muulize mteja hii ni ya nani. Halafu fanya kinyume, acha jina toa picha. Kile ambacho kikitoka watu wanapotea, hicho usikiguse, vingine badilisha utakavyo. Ukimuweka mtu kwenye chumba kimetulia ukamuuliza kama boksi jipya ni zuri, atakwambia zuri, ila hujapima kama ataliona kwenye friji iliyojaa.

Kitu kimoja hawakukitupa, kile kifuniko cha nusu chungwa. Walikihamishia kwenye Trop50, bidhaa mpya ya mwaka huo huo yenye sukari na kalori pungufu kwa nusu, juisi iliyochanganywa na maji na kutiwa utamu wa mmea unaoitwa stevia. Hapa nawasifu kabisa. Tropicana ilijijengea imani kuwa ni juisi tupu ya chungwa, sasa ukichukua jina zima ukalibandika kwenye kinywaji chenye maji, unaitia shaka hata ile juisi ya asili. Walichukua kipande cha jina, Trop, mteja akajua nyumba inakotoka ila akaona pia sio kitu kile kile. Na kwa kuwa Trop50 ilikuwa mpya, hakuna aliyekuwa na picha yake kichwani, kifuniko kigeni hakikumpoteza mtu.

2024 Tropicana wakaingia matatani tena, wakiwa tayari mikononi mwa wamiliki wengine. Safari hii chupa ilibadilishwa umbo na ikapungua kutoka aunsi 52 hadi 46, yaani kutoka kama lita 1.54 hadi 1.36. Mauzo ya Oktoba yakawa chini kwa asilimia 19 ukilinganisha na Oktoba ya mwaka uliopita. Ila hili ni tatizo tofauti kabisa na lile la kwanza, maana 2009 mteja alishindwa kuiona juisi yake, 2024 aliiona vizuri tu akahisi anapunjwa, na kwa hilo kurudisha picha ya zamani hakusaidii, inabidi urudishe ujazo au ushushe bei.